Mtoto aliyemwagikiwa maji ya moto: mwongozo wa muuguzi kwa siku tatu za kwanza

Nimeandika haya kwa ajili ya wauguzi wa vituo vya afya na hospitali za wilaya hapa Dar es Salaam, wale wanaopokea mtoto wa Mbagala, Manzese au Buguruni akiwa amefungwa kwenye kanga mbichi, mama yake analia, na daktari bado yuko chumba cha upasuaji. Majeraha ya moto yana sura nyingi. Mimi nitashika moja tu ninayokutana nayo zaidi, ya mtoto mdogo aliyemwagikiwa maji ya moto, na nitaifuata tangu anapoingia mlangoni hadi kidonda kinapofunguliwa siku ya tatu.

Mfano wetu ni mtoto wa kike wa miaka miwili. Saa 1 asubuhi sufuria ya maji ya chai iko juu ya jiko la mkaa, chini, kwenye korido ya nyumba ya kupanga. Mtoto anavuta mpini. Maji yanamwagikia shingoni, kifuani, tumboni, mkono wa kushoto na kidogo pajani. Anafika kwetu saa 4 asubuhi kwa bajaji, amevaa sweta lilelile.

Kabla ya hesabu yoyote

Mvue nguo. Sweta na nepi hushika maji ya moto na kuendelea kupika ngozi, na kwa mtoto huyu sehemu mbaya kuliko zote itakuwa pale kola ilipobana. Kama kitambaa kimegandia, kata pembeni yake, usivute.

Maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 hupunguza kina cha jeraha, na yanasaidia hata kama zimepita saa mbili au tatu tangu ajali. Bomba likiwa halitoi, mimina maji safi kwa jagi, yakinge kwenye beseni, mimina tena. Barafu usitumie, maana inabana mishipa ya damu na kuongeza uharibifu. Poza jeraha peke yake, mwili mwingine uwe umefunikwa blanketi, kwa sababu mtoto wa kilo 12 hupoteza joto haraka sana. Akianza kutetemeka, acha.

Hapo ndipo pa kuuliza maswali mawili ambayo majibu yake hayapatikani tena baadaye. Nilimuuliza bibi aliyemleta, "Bibi, maji yalimwagika saa ngapi hasa?" Akasema, "Kengele ya shule ilikuwa haijalia, mwanangu. Saa moja, moja na kidogo." Nikauliza tena, "Na mlimpaka nini?" Akanyamaza, kisha akasema, "Dawa ya meno." Usimgombeze. Ukimgombeza bibi leo, mtoto wa jirani atafichwa kesho. Dawa ya meno, ute wa yai au unga wa ngano huoshwa taratibu kwa maji, kwa sababu huwezi kupima kina cha ngozi usiyoiona.

Sikiliza sauti na pumzi yake. Maji yaliyogusa shingo na kidevu yanaweza kuvimbisha koo ndani ya saa chache. Sauti ikikwaruza au pumzi ikipiga mluzi, mwite daktari na mtu wa usingizi papo hapo. Mengine yote yanasubiri.

Kupima eneo: hapa ndipo makosa huanzia

Kanuni ya tisa mnayoikumbuka kutoka chuoni ni ya mtu mzima. Mtoto ana kichwa kikubwa na miguu mifupi, kwa hiyo tumia chati ya Lund na Browder, iliyochapishwa mwaka 1944 na ambayo inabadilisha asilimia kulingana na umri. Ibandikeni ukutani chumba cha dharura. Kwa madoa yaliyotawanyika, kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake ni karibu asilimia 1 ya mwili wake. Ni kiganja cha mtoto, si chako.

Jambo linalosahaulika ni kwamba ngozi iliyobadilika rangi tu, ikiwa nzima, bila lengelenge wala kuchubuka, haihesabiwi. Inauma, lakini haivujishi maji.

Kwa mtoto wetu, aliyempokea mwanzo alitazama kwa macho akaandika asilimia 25. Tulipohesabu upya kwa chati, shingo mbele ilitoka 1, kifua na tumbo 9 kati ya 13 za sehemu yote ya mbele, mkono wa juu upande wa mbele 2, mkono wa chini 1.5, na nusu ya paja mbele 1.5. Jumla ni 15. Tofauti ya 25 na 15 si ya makaratasi. Kwenye dripu ni mililita 360 za ziada ndani ya mtoto wa kilo 12, na zitaonekana kesho kwenye kope zilizovimba na mapafu yanayochemka.

Uzito upimwe kwa mizani. Kama mizani imeharibika, ongeza 4 kwenye umri wa miaka kisha zidisha kwa 2. Miaka 2 inakupa kilo 12.

Kupima kina kwenye ngozi nyeusi

Vitabu vingi hueleza jeraha la juujuu kuwa jekundu. Hilo liliandikwa kwa ngozi nyingine. Kwetu, kinachoungua kwanza ni ile tabaka ya juu yenye rangi, nayo hunyanyuka au kumenyeka kama ganda jembamba la kitunguu. Ikibaki mahali pake imekunjamana, jeraha huonekana jeusi na kavu, na muuguzi mgeni hudhani limeingia ndani kabisa. Ndiyo maana malengelenge makubwa na ngozi iliyolegea huondolewa kwa gozi yenye maji, baada ya dawa ya maumivu kufanya kazi, ndipo utazame kilicho chini.

Chini ya ganda kukiwa na rangi ya waridi, kuna unyevu, na ukibonyeza kwa gozi safi pakapauka kisha damu ikarudi upesi, hilo ni jeraha la juu la tabaka ya pili. Mtoto analia ukiligusa, na kilio hicho kina maana kwamba mishipa ya fahamu iko hai. Hupona lenyewe ndani ya wiki mbili hivi.

Ukiona mabaka ya wekundu mzito uliochanganyika na weupe, na ukibonyeza wekundu hauondoki, au weupe unabaki bila damu kurudi, basi jeraha limeshuka. Maumivu yanapungua, mguso unahisiwa kama kusukumwa tu. Hili huchukua zaidi ya wiki tatu, na kidonda kinachopita wiki tatu huacha kovu nene linalovuta kiungo.

Weupe wa nta, ugumu wa ngozi ya ngoma, ukavu, na mtoto asiyeshtuka ukigusa, hapo tabaka zote zimekufa. Likizunguka mkono au kifua kizima kama pete, ni dharura ya upasuaji, maana ngozi hiyo haitanuki wakati nyama za ndani zinavimba.

Andika unachokiona, lakini kiandike kama makadirio ya siku ya kwanza. Katikati ya jeraha kuna sehemu iliyokufa, pembeni kuna sehemu iliyokasirika tu, na kati ya hizo mbili kuna ukanda ambao damu yake imezubaa. Ukanda huo utaamua ndani ya siku mbili kama utaishi au utakufa. Ukikosa maji unakufa, na ukijaa maji kupita kiasi, ukavimba, unakufa vilevile. Kwa hiyo kina hupimwa tena saa 48 hadi 72, na hesabu ya dripu inayofuata ni tiba ya ngozi pia.

Dripu: saa inaanza kwenye jiko, si mlangoni kwetu

Mtoto aliyeungua asilimia 10 au zaidi anahitaji maji kwa mpango. Kwa mtu mzima kizingiti ni kati ya 15 na 20. Maji yenyewe ni ringa lakteti. Dekstrosi tupu usiitumie kujazia, kwa sababu inashusha chumvi ya damu na mtoto anaweza kupata degedege.

Msingi wa hesabu ni kanuni ya Parkland, iliyotoka hospitali ya Parkland mjini Dallas miaka ya 1960. Ya asili ni mililita 4. Kwa watoto wengi sasa wanaanza na 3, kwa sababu juu yake huongezwa maji ya kawaida ya mwili.

```
3 ml x kilo 12 x asilimia 15 = 540 ml kwa saa 24
nusu ya kwanza: 270 ml, ndani ya saa 8 tangu kuungua
nusu ya pili:   270 ml, ndani ya saa 16 zinazofuata
```

Aliungua saa 1 asubuhi, kwa hiyo saa 8 za kwanza zinaisha saa 9 alasiri. Amefika saa 4 na hajapewa kitu njiani. Tumebakiwa na saa tano za kumpa mililita 270, yaani mililita 54 kwa saa. Anayeanza kuhesabu tangu mapokezi ataziweka kwenye saa nane, ampe 34, na mtoto ataingia jioni akiwa na deni la maji. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifanya hivyo. Mkojo ulikauka, nikadhani mpira umeziba, nikaubadilisha mara mbili kabla ya mwenzangu kuniuliza nimeanzia saa ngapi. Tangu siku hiyo saa ya kuungua naiandika kwa kalamu nyekundu juu kabisa ya karatasi ya dripu.

Kwa seti ya kawaida ya matone 20 kwa mililita, 54 kwa saa ni matone 18 kwa dakika. Kwa soluseti ya matone 60, namba ya mililita kwa saa ndiyo namba ya matone kwa dakika, hesabu inakuwa nyepesi, na ile chupa ndogo inazuia mfuko mzima kuingia kwa bahati mbaya. Kwa mtoto, kama soluseti ipo, usitumie kingine.

Juu ya hayo kuna maji ya kawaida ya siku. Ni mililita 4 kwa saa kwa kila kilo katika kilo 10 za kwanza, na 2 kwa kila kilo katika 10 zinazofuata. Kilo 12 zinatupa 44 kwa saa. Haya yawe na sukari, kwa sababu akiba ya ini la mtoto huisha haraka. Toa mililita 50 kwenye mfuko wa ringa wa 500, ingiza mililita 50 za dekstrosi ya asilimia 50, na utapata mchanganyiko wa asilimia 5. Andika kwenye mfuko. Pima sukari ya damu alipofika, kisha rudia. Akianza kunyonya au kunywa maziwa na uji bila kutapika, kila alichokunywa kitolewe kwenye hizi 44. Usiache vyote viwili viende bila kuhesabiana.

Kanula iwekwe kwenye ngozi nzima. Ikishindikana, inapita hata kwenye ngozi iliyoungua, na mshipa usipopatikana kabisa, daktari aweke sindano ya ndani ya mfupa. Usipoteze saa nzima ukitafuta mshipa.

Mkojo ndio unaoamua

Kanuni inakupa pa kuanzia tu. Baada ya hapo unafuata mkojo. Kwa mtoto wa chini ya kilo 30, lengo ni mililita 1 kwa kila kilo kwa saa, yaani kama 12 kwa huyu. Mpira wa mkojo ni bora. Usipokuwepo, pima nepi kavu, ipime tena ikiwa na mkojo, na kila gramu iliyoongezeka hesabu kuwa mililita 1.

Kati ya saa 4 na saa 5 alitoa mililita 6. Saa iliyofuata 7. Mikono ilikuwa ya baridi, mapigo ya moyo ya kasi. Kwanza hakikisha mpira haujapinda na kanula haijatoka kwenye mshipa. Vyote vilikuwa sawa, basi tukapandisha ringa kwa asilimia 20, kutoka 54 hadi 65 kwa saa, matone 65 kwenye soluseti. Yale 44 ya kawaida hayakuguswa. Saa 7 mchana alikuwa ametoa 11, saa 8 mchana 14, mikono ikapata joto. Saa 9 alasiri tukashuka hadi mililita 17 kwa saa, ambazo ni zile 270 zilizogawanywa kwa 16, na tukaendelea kupima kila saa kwa sababu kushuka kwa ghafla namna hiyo wakati mwingine hukausha mkojo tena.

Upande wa pili nao una hatari yake. Mkojo ukizidi mililita 2 kwa kilo kwa saa, saa mbili mfululizo, na sukari haijapanda, punguza dripu. Kope kuvimba, pumzi kuongezeka, kidonda kututumka, hizo ni dalili za maji mengi. Lasix ya kulazimisha mkojo kwa mtoto aliyekosa maji ni kosa kubwa, maana unapata mkojo kwenye chati huku moyo hauna cha kusukuma.

Kama mtoto ameingia akiwa amelegea, damu hairudi kidoleni hata baada ya sekunde tatu, hiyo ni shoku, na daktari ataagiza mililita 10 kwa kilo zipite haraka, nje ya mpango huu. Na shoku kubwa mapema hivyo kwa jeraha la asilimia 15 ikufanye utafute sababu nyingine.

Maumivu yatibiwe kabla ya gozi kuguswa

Mtoto wa miaka miwili hawezi kukwambia "nane kati ya kumi". Tazama uso, miguu, mwili unavyojikunja, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja kipe 0 hadi 2, jumlisha. Ikifika 4, ongeza dawa. Mtoto aliyenyamaza na kukodoa macho ukutani hajapona maumivu. Huenda amechoka kulia, au anaingia kwenye shoku.

Kuna maumivu ya muda wote na kuna ya kufunga kidonda, na kila moja lina dawa yake. Ya muda wote hutulizwa kwa ratiba, bila kusubiri kilio. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kilo kila saa 6, yaani 180, ambazo ni mililita 7.5 za dawa ya maji yenye 120 kwenye kila 5. Mofini ya kunywa, kwa maagizo ya daktari, ni miligramu 0.2 kwa kilo kila saa 4, yaani 2.4 kwa huyu. Soma lebo ya chupa kila mara. Mofini ya maji ina nguvu tofauti kutoka chupa hadi chupa, na mililita ileile inaweza kubeba dozi mara kumi. Hesabu pumzi na uone kama anaamka kirahisi kabla ya kila dozi, naloksoni iwe karibu. Dawa za jamii ya ibuprofeni ziache hadi mkojo utengemae, kwa sababu zinabana figo.

Sindano ya msuli usimpe katika siku ya kwanza. Damu haifiki vizuri kwenye msuli, dawa inakaa pale bila kufanya kazi, unarudia dozi, na dripu ikishamjaza damu ikirudi, dozi zote zinaingia pamoja na pumzi inasimama. Kama anahitaji dawa ya haraka, ipite kwenye kanula, kidogo kidogo.

Kwa kufunga kidonda, mofini ya kunywa itangulie kwa dakika 45. Mara nyingi haitoshi kwa mara ya kwanza, na hapo ketamini, miligramu 1 kwa kilo kwenye mshipa, itolewe na mtu aliyefunzwa usingizi, oksijeni na mashine ya kufyonza mate zikiwa zimewashwa. Kumshika mtoto kwa nguvu wauguzi wanne huku akipiga kelele si mbadala. Atakumbuka, na kila gozi itakayofuata itakuwa vita.

Kusafisha na kufunga

Zima pangaboi, funga dirisha, andaa kila kitu kabla ya kufungua. Osha kwa maji vuguvugu yaliyochemshwa au maji ya chumvi ya dripu na sabuni laini, toa ngozi iliyolegea, kausha kwa kugusagusa. Kisha gozi ya vaselini inayogusa kidonda, juu yake gozi kavu nene ya kunyonya, halafu bendeji isiyobana. Mkono uinuliwe juu ya kitambaa kilichokunjwa. Shingo ilalie bila mto, kichwa kikiegemea nyuma kidogo, kwa sababu kovu la shingo linaanza kuvuta kidevu chini tangu wiki za mwanzo.

Krimu ya silva salfadiazini tumeizoea mno. Ina kazi yake kwenye jeraha lililozama au lenye usaha, lakini kwenye jeraha la juujuu huchelewesha kupona, na siku ya kwanza ina ubaya wa ziada, kwamba inaacha utando wa kijivu juu ya kidonda. Ukifungua siku ya tatu hutajua kama unatazama krimu au ngozi iliyokufa. Mimi siipaki kabla kina hakijathibitishwa. Usoni haifai, wala kwa mtoto wa chini ya miezi miwili.

Antibayotiki za kuzuia hazihitajiki. Homa ya nyuzi 38 siku mbili za kwanza mara nyingi ni mwili kujibu moto, si vijidudu. Kinachonitisha ni homa kali kati ya siku ya pili na ya nne pamoja na upele, kuhara na mtoto kulegea, hata kidonda kikiwa kisafi na kidogo. Hiyo ni sumu ya bakteria, inaua kwa saa chache, daktari aitwe usiku huohuo. Kadi ya kliniki ikionyesha chanjo za pepopunda zimekamilika, hilo limeisha. Chakula kianze siku hiyohiyo.

Siku ya tatu

Mtoto wa asilimia 10 na zaidi, au aliyeungua uso, mikono, miguu, sehemu za siri au maungio, daktari azungumze na hospitali ya rufaa tangu siku ya kwanza, kwetu kwa kawaida Muhimbili. Sisi tuliambiwa tumtengemaze, kisha tuwape taarifa ya kina baada ya saa 72.

Tulifungua baada ya mofini na ketamini. Mkono na paja vilikuwa vya waridi, vyenye unyevu, damu ikirudi upesi. Tumbo vivyo hivyo. Juu ya kifua, pale kola ya sweta ilipobana, kulikuwa na doa jeupe lenye madoa mekundu yasiyopauka, ukubwa wa viganja viwili vya mtoto, likipanda kuelekea shingoni. Siku ya kwanza nilikuwa nimeliandika kuwa la juu. Nikaandika upya: "Asilimia 15 jumla; 13 tabaka ya pili ya juu, 2 ya ndani, kifua juu hadi shingo mbele, damu hairudi." Barua ya rufaa ilibeba sentensi hiyo pamoja na saa ya kuungua, jumla ya maji yaliyoingia na mkojo uliotoka kwa kila saa, na dozi ya mwisho ya mofini na saa yake. Bibi akauliza kama watamkata. Nikamwambia, "Bibi, huenda wakachukua ngozi nyembamba pajani wakaipandikiza hapa, ili shingo isije ikavutwa akikua."